Herufi 82 ndani ya sekunde mbili: nilivyotafsiri manukuu ya video kutoka kwenye skrinshoti

Aliyenipa kazi aliniambia, "Kaka, ni kazi ya jioni moja, wewe si Kiingereza unakijua?" Video yenyewe ilikuwa ya kupogoa mizabibu, nzito mno kutumwa kwa simu, kwa hiyo akanirushia skrinshoti za manukuu, yale maneno yanayoandikwa chini ya picha, mia na kitu. Bando langu liliteketea hapo na hakuna aliyenirudishia. Nikakaa kibarazani Area C, Dodoma, nikatafsiri picha baada ya picha mpaka saa sita usiku, nikajiona bingwa.

Kuna picha moja mzee kashika mkasi kwenye tawi, na chini yake sentensi fupi ya Kiingereza. Mimi nikaiandika hivi: "Kama hutaupogoa mzabibu wako kwa wakati unaofaa, hutapata mavuno yoyote msimu huu." Kiswahili safi kabisa, mwalimu wangu wa sekondari angenipa vema.

Jumamosi tukaenda Hombolo kuijaribu kwa wakulima, shuka limetundikwa ukutani. Mbele alikaa mama mmoja mtu mzima, na yeye husoma kwa sauti. Akaanza: "Kama hu-ta-u-po-goa mzabibu wako kwa wa..." Maandishi yakapotea. Akashika yaliyofuata, nayo yakapotea katikati. Mara ya tatu akageuka akanitazama mimi hasa, sijui nani alimwonyesha. "Mwanangu, mbona mnayafuta kabla sijafika?" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, lakini shingo ilikuwa inawaka moto.

Kosa ni kwamba skrinshoti imesimama. Unaisoma hata dakika nzima, haikukimbii. Kwenye video yale maneno yanakaa pale kwa muda ambao yule mzee anasema, basi. Na mkato wa filamu ukija, yanaondoka naye.

Nikaomba skrinshoti mbili kwa kila nukuu: moja likitokea, nyingine likikaribia kutoweka, saa ya video ionekane chini. Haikunisaidia sana, maana ile saa inahesabu sekunde nzima tu. Nukuu la sekunde mbili ukikosea kwa sekunde moja umekosea nusu. Ndipo nikamwambia jamaa aicheze video karibu na simu, anirekodie sauti tu. Sauti ni nyepesi, ikafika. Nikasikiliza huku saa ya kupimia ikienda: mzee anasema, anapumua kidogo katikati, anamalizia. Sekunde mbili.

Wanaofanya kazi hii huchukulia kati ya herufi 12 na 17 kwa sekunde, nafasi na alama zikihesabiwa, na mistari isizidi miwili, kila mmoja kama herufi 42. Nikahesabu sentensi yangu kwa kidole: 82. Yaani nilimtaka yule mama asome herufi 41 kwa sekunde!

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba Kiswahili ni kirefu, hakiingii kwenye manukuu. Si kweli. "Kama" yote inamezwa na -sipo-. Na "mzabibu wako" wa nini, wakati mkasi uko juu yake na kila mtu anauona? Nikapata "Usipoupogoa sasa, hutapata mavuno." Herufi 34, kwenye karatasi inatosha. Nikaisoma kwa sauti pamoja na rekodi: mzee kanyamaza, mimi bado niko kwenye "mavuno". Nikaibana tena:

"Usipopogoa sasa,
huvuni kitu."

Herufi 29. Na mstari unakatika pale pale anapovuta pumzi. Mwanzoni nilikuwa nakata popote nafasi ilipoisha, nikawa na "Kata juu ya" huku, "jicho la pili" kule, jicho likiwa pale tawi linapochipukia. Usiiache "ya" ikining'inia. Msomaji anabaki ameinua mguu.

Sauti ilinifichulia na aibu nyingine. Kuna picha ilikuwa na vistari viwili mwanzoni mwa mistari, nikadhani ni urembo, nikaunganisha yote kuwa maneno ya mtu mmoja. Kumbe vile vistari ni watu wawili, kijana anauliza na mzee anamjibu:

"- Nikate hapa?
- Hapana, juu ya jicho."

Kwenye tafsiri yangu ya kwanza kijana alikuwa anajiuliza na kujikatalia mwenyewe.

Kazi ya jioni moja ikala karibu wiki mbili. Tuliporudi Hombolo yule mama alikuwa kiti kile kile, nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango, ili ikiharibika nitoke. Mzee akashika mkasi. Mama akasoma, "Usipopogoa sasa, huvuni kitu," akamaliza maandishi bado yapo, akamgeukia jirani yake na kumpiga begani: "Si nilikwambia!"