Miaka miwili isiyo na mwajiri kwenye wasifu wangu

Jana nilifanya usaili wa nafasi ya uhasibu, na mwenyekiti wa jopo aliuliza nilikuwa wapi kati ya Machi 2022 na Aprili 2024. Katika usaili wa mwezi uliopita, swali hilo hilo lilinifanya nisimulie ugonjwa wa mama kwa dakika kumi hadi sauti ikakatika, na hakuna aliyeniuliza tena kuhusu hesabu. Safari hii nilikwishaandika kipindi hicho waziwazi kwenye wasifu, nikajibu kwa sentensi mbili: mama alihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, nami ndiye niliyempeleka, sasa dada yangu amehamia kwake na amelichukua jukumu hilo. Sentensi ya pili ndiyo waliyoisubiri, kwa kuwa hofu ya mwajiri (wala simlaumu) ni kwamba nitaomba ruhusa kila Jumatano. Kisha nikaeleza jinsi nilivyokuwa nikilinganisha daftari la duka la jirani na taarifa za benki kila mwisho wa mwezi, nikiwa kwenye benchi la hospitali. Hapo wakaanza kuniuliza kuhusu kodi.