Nilivyopanga pointi na kadi za zawadi kwenye duka langu la mtandaoni

Mwanzoni kila mteja alikuwa na namba moja tu ya pointi, ikipanda na kushuka. Mpango huo ukawa mgumu nilipotaka pointi ziishe muda baada ya miezi 12, kwa sababu jumla haionyeshi ni zipi za zamani. Nikaanza kuandika kila pointi zinazoingia kama fungu lenye tarehe yake, na mteja anapotumia, fungu la zamani ndilo linalotangulia kukatwa.

Chukua mteja aliyepata pointi 300 tarehe 10 Januari na 500 tarehe 2 Juni. Januari 5 mwaka unaofuata anatumia 400 kununua sufuria: zinakatwa 300 za Januari na 100 za Juni. Zilizobaki, 400, zitaisha Juni 2. Sasa sufuria imefika imepinda, anairudisha Januari 15. Zile 100 zinarudi kwenye fungu la Juni bila tatizo, lakini 300 zinarudi zikiwa zimeshakufa siku 5 nyuma. Kumwambia zimeisha si haki, maana alizitumia zikiwa hai na kosa ni la duka. Kwa hiyo fungu lolote linalorudishwa hivyo nalipatia siku 30 mpya, na mteja anatumiwa ujumbe wenye tarehe ya mwisho.

Pointi anazopata mteja kwa ununuzi siziachii mpaka siku 14 za kurudisha bidhaa zipite. Ukizitoa siku ya malipo, mtu atanunua kitu ghali, atatumia pointi, kisha atakirudisha adai fedha yake yote.

Kadi za zawadi ndizo zinazonikosesha usingizi. Mwizi mwenye namba za kadi ya benki ya mtu hapendi kununua bidhaa, kwa kuwa bidhaa inahitaji anwani. Ananunua kadi ya zawadi, anapata msimbo kwa barua pepe, anauuza kwa bei ya chini. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi analalamika, benki inamrudishia fedha na kuzidai kwa duka, na kwa kuwa aliyeuziwa msimbo ameshanunua nao bidhaa, duka limepoteza fedha na mzigo. Kwa mnunuzi mpya, msimbo wa zaidi ya shilingi 5,000 nauzuia saa 24. Kinachonishtua zaidi ni akaunti moja kujaribu kadi tatu za benki zenye majina tofauti ndani ya dakika chache. Hiyo naifunga na kurudisha malipo mwenyewe kabla benki haijanidai.

Misimbo ni herufi na tarakimu 16 zisizofuatana, maana ikifuatana, aliye na mmoja anakisia unaofuata. Ukurasa wa kuangalia salio unadai pia namba ya siri na unajifunga baada ya majaribio 5. Bila hivyo programu za kukisia huutumia kutafuta kadi zenye fedha. Na kadi ya zawadi hainunui kadi nyingine ya zawadi dukani kwangu. Ingeruhusiwa, salio linalokaribia kuisha muda lingepata tarehe mpya kila mara, na msimbo wa wizi ungebadilika kuwa msimbo safi ambao siwezi tena kuufuatilia.