Sherehe ya Farao na mahabusu aliyebaki ndani

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii someni Mwanzo 40. Farao anafanya sherehe ya kuzaliwa kwake na siku hiyohiyo mnyweshaji wake anatoka gerezani na kurudishwa kazini (mwokaji yeye alinyongwa, tusisahau). Yusufu anabaki. Sasa Yusufu ni nani mle ndani? Hatusomi popote kwamba kesi yake ilisikilizwa, mke wa Potifa kalalamika, bosi kakasirika, kijana kaenda lupango. Kwa leo tungemwita mahabusu.

Na mahabusu ndo mtu ambaye msamaha wa Rais haumgusi kabisa. Ibara ya 45 ya Katiba yetu ya Tanzania inampa Rais kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mahakamani, kwa hiyo aliyekaa ndani miaka mitatu akiambiwa upelelezi haujakamilika, njoo baada ya wiki mbili, huyo hayumo kwenye orodha, wakati magereza yetu kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo ni wa aina yake.

Chukulia Desemba 9, 2017 pale Dodoma. Magufuli alisamehe wafungwa 8,157, mtaani tukasikia elfu nane wametoka, kumbe waliotoka walikuwa 1,828, wengine wote walipunguziwa tu vifungo. Na tukiulizana leo nani alitoka siku ile kila mtu atakutajia Babu Seya na Papii Kocha waliokuwa na kifungo cha maisha, basi. Mnyweshaji naye alikuwa anajulikana ikulu jamani.

Halafu kuna hesabu nyingine. Tuseme mtu kafungwa miaka mitatu. Akiwa na tabia nzuri sheria ya magereza inamtolea theluthi moja, so anakaa miwili. Msamaha ukimkuta kabakiza miezi miwili atashangilia, na mimi nitashangilia naye kabisa, miezi miwili ya jela sio mchezo, ila kitanda chake kilikuwa kinaachwa hivyo hivyo na karandinga la Jumatatu linaleta wengine. Ndo maana baada ya sikukuu panajaa tena.

Mahabusu anatoka kwa njia nyingine: kesi iishe, Mkurugenzi wa Mashtaka aifute, au apate dhamana. Mauaji na unyang'anyi wa silaha hazina dhamana, hapo hatuna la kufanya zaidi ya kuomba na kumtembelea. Lakini wapo wenye kesi ndogo, dhamana iko wazi toka siku ya kwanza, amekosa tu mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa.

Sisi tukienda gerezani na sabuni na sukari tunaombea wafungwa wenye sare za rangi ya machungwa, tunaimba, tunaondoka. Safari ijayo tuombe kwa mkuu wa gereza kuonana na mahabusu, tuulize nani ana dhamana wazi na kesi inatajwa lini. Yusufu alimwomba mnyweshaji amtaje tu kwa Farao, jamaa akasahau miaka miwili mizima.