Ng'ombe watatu, daftari moja: nani ananilipa?

Juni 8

Nina ng'ombe watatu wa maziwa hapa Machame, wote chotara wa Friziani, wamefungwa bandani mwaka mzima kama ilivyo desturi huku vihambani. Nyota alizaa katikati ya Aprili. Subira alizaa Januari. Kidawa alizaa Julai ya mwaka jana, ana mimba ya miezi mitatu na ushee. Miaka yote nimekuwa nikiandika kitu kimoja tu, lita nilizouza na pesa niliyopokea. Mwisho wa mwezi pesa ipo au haipo, na sijui ni ng'ombe gani aliyeileta wala yupi aliyeila.

Kuanzia leo kila ng'ombe ana ukurasa wake: maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, kilo za chakula cha ziada alichopewa. Safu tatu tu. Nilijaribu safu tisa mwaka juzi na daftari likafa baada ya siku kumi na moja.

Juni 12

Tatizo la kwanza ni povu. Tunapima kwa jagi la lita, na maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana povu la vidole viwili. Kijana anayenisaidia husoma juu ya povu, mimi husoma chini yake, na tofauti yetu kwa Nyota peke yake ilifika karibu lita moja kwa siku. Nimenunua mizani ya kuning'iniza. Tunapima ndoo na maziwa, tunatoa uzito wa ndoo tupu, kisha tunagawa kwa 1.03, kwa kuwa lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Povu halina uzito wa kutusumbua.

Tatizo la pili ni ndoo ndogo ya kulishia. Siku zote nimeiita "kilo tano" kwa sababu aliyeniuzia aliiita hivyo. Nikiijaza pumba tupu za mahindi haifiki kilo tatu na nusu. Nikiijaza mchanganyiko wenye mashudu, inazidi kilo nne. Sasa tunapima kwa mizani, na kila ng'ombe anapata kilo tano kamili kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Kwa makusudi sibadilishi kiasi bado. Nataka kwanza nione hali ilivyo.

Juni 19

Nimeketi na ukurasa wa wiki, nikashangaa: Nyota lita 9 kwa siku, Subira lita 9. Haiwezekani. Kiwele cha Nyota unakiona kutoka barabarani.

Nikamuuliza kijana. "Mama, si ulisema tuandike ya kuuza?" Kumbe lita nne za ndama wa Nyota zinachotwa kabla ya kupimwa. Kosa ni langu, sikueleza. Maziwa ya ndama yametoka kwa mama yake na chakula chake, kwa hiyo lazima yahesabiwe kwa Nyota. Ndama nimemfungulia ukurasa wake, na lita zake nne naziandika pale kama gharama ya kumlea.

Nimegundua kitu kingine kwenye ukurasa huohuo. Namba zote za jioni zinaishia na sifuri au nusu: 4.0, 3.5, 4.0, 4.0. Mizani haisemi hivyo, mizani husema 3.7 na 4.2. Hizo ni namba za kukumbuka, zimeandikwa usiku baada ya kula. Nimetundika ubao mweusi bandani na kipande cha chaki kwa kamba. Namba inaandikwa ndoo ikiwa bado kwenye ndoana.

Juni 30

Sasa nina siku kumi ninazoziamini. Kabla ya kuzigusa ilibidi nipate bei ya chakula.

Mchanganyiko wangu wa kilo 100 ni pumba za mahindi kilo 70 kwa shilingi 550, mashudu ya alizeti kilo 27 kwa 1,000, na madini kilo 3 kwa 1,500. Jumla 70,000, yaani shilingi 700 kwa kilo. Malisho yalikuwa magumu zaidi, maana mabingobingo na migomba ni vya shambani na mtu hudhani ni bure. Nimehesabu kile kinachotoka mfukoni: gari la mabua kutoka tambarare za Boma Ng'ombe ni 120,000 na linamaliza mwezi, na anayenikatia majani namlipa 60,000 kwa mwezi. Ni 180,000 kwa ng'ombe watatu kwa siku thelathini, kila mmoja 2,000 kwa siku. Kugawa sawasawa si haki, Nyota ni mkubwa na hula zaidi, lakini sina namna ya kupima majani ya kila hori bila kuajiri mtu mwingine.

Kwa hiyo kila ng'ombe anakula 5,500 kwa siku. Maziwa nauza kwa wastani wa 1,100 kwa lita.

Nyota anatoa lita 13.0. Chakula ni 423 kwa lita, na kinachobaki baada ya chakula ni 8,800 kwa siku. Subira, lita 9.0, ni 611 kwa lita na anabakiza 4,400. Kidawa, lita 4.5, ni 1,222 kwa lita. Namlisha kwa 5,500 niuze maziwa ya 4,950. Kila siku anayoamka na kula, nampa shilingi 550 juu.

Fomula niliyoweka kwenye jedwali la simu ni hii, C ikiwa asubuhi, D jioni, E kilo za mchanganyiko:

```
=(C2+D2)*1100-(E2*700+2000)
```

Julai 10

Mume wangu alisema Kidawa auzwe. Nikamwambia tusubiri, maana kosa huenda si la ng'ombe. Nani alisema mwenye lita nne na mwenye lita kumi na tatu wapewe ndoo sawa? Majani mazuri pekee humtosha ng'ombe kujitunza na kutoa lita chache. Chakula cha ziada kinatakiwa kufuata maziwa yaliyo juu ya hapo.

Tangu Julai 1 Kidawa anapata kilo moja na nusu. Siku tatu za kwanza hakushuka kabisa nikajiona nimepata bure, kisha akashuka taratibu, na sasa ametulia kwenye 4.0. Hapa wengi hukosea, husoma jibu siku ya pili. Mimi naacha siku nne za mwanzo zipite, halafu nachukua wastani wa zinazofuata. Namba ya siku moja hupanda na kushuka kwa mvua, kwa kuchelewa kukamua, hata kwa mgeni kuingia bandani.

Amepoteza nusu lita, shilingi 550. Ameokoa kilo tatu na nusu, shilingi 2,450. Sasa anabakiza 1,350 badala ya kunidai. Mwili wake bado mzuri, mbavu hazijaanza kuonekana. Nitaendelea kuutazama kwa sababu ya mimba.

Julai 31

Nyota ndiye aliyenifundisha. Nimempandisha kilo moja kila siku kumi, na alikuwa ameshapita wiki kumi tangu azae, kwa hiyo ongezeko si lile la kawaida la ng'ombe aliyetoka kuzaa.

Kutoka kilo tano hadi sita, maziwa yalitoka 13.0 hadi 14.4. Nimetoa 700 nikapata 1,540. Kutoka sita hadi saba, yakafika 15.3. Nimetoa 700 nikapata 990. Kutoka saba hadi nane, yakafika 15.6 tu. Nimetoa 700 nikapata 330. Tena kwenye kilo nane kinyesi kikawa laini na chenye mapovu, na mchana alilala bila kucheua kama kawaida yake. Hiyo ni tindikali kuzidi tumboni, nikamrudisha saba siku hiyohiyo, na sasa tunampa mara tatu badala ya mbili.

Tazama gharama kwa lita. Kwa kilo tano ilikuwa 423. Kwa sita ni 431. Kwa saba ni 451. Imekuwa ikipanda wakati wote! Ila kinachobaki kwa siku kilitoka 8,800 kwenda 9,640, kisha 9,930, na kikashuka hadi 9,560 kwenye kilo nane. Ningefuata gharama kwa lita peke yake ningemwacha kwenye kilo tano nikijisifu kuwa maziwa yangu ni ya bei nafuu, huku nikiacha zaidi ya shilingi elfu moja kila siku. Swali ninalouliza sasa ni hili: kilo ya mwisho imeleta lita ngapi? Kwa bei zangu, ikileta chini ya 0.64 ya lita, haijajilipa. Mashudu yakipanda au maziwa yakishuka, namba hiyo inahama.

Subira nilimpunguza. Kwa kilo nne anatoa 8.7 na anabakiza 4,770, nafuu kuliko mwanzo. Kwa kilo tatu alishuka hadi 8.0, hasara ndogo, nikamrudisha nne.

Agosti 14

Hadi hapa nimekuwa nikiita "faida" kile kinachobaki baada ya chakula tu. Mkamuaji analipwa 150,000 kwa mwezi, ambayo ni kama 1,670 kwa kila ng'ombe kwa siku, na dawa ya kupe na mambo madogo nimekadiria 300. Nikitoa hizo, Nyota anabaki na karibu 7,960, Subira 2,800, na Kidawa anarudi chini ya sifuri kwa shilingi 620. Ila nikimuuza Kidawa, mshahara wa kijana hautapungua hata senti. Utahamia kwa wawili waliobaki. Kwa hiyo kwa uamuzi wa kuuza natazama ile 1,350, na kwa kujua kama banda zima linanilipa natazama hizi.

Agosti 30

Leo nimefungua ukurasa wa Kidawa nikahesabu mbele. Atazaa mwishoni mwa Novemba. Lazima nimkaushe miezi miwili kabla, yaani mwishoni mwa Septemba. Siku 60 za malisho bila maziwa ni 120,000, na wiki tatu za mwisho kilo mbili za mchanganyiko kwa siku ni 29,400. Karibu laki moja na nusu. Kwa 1,350 kwa siku, tangu Julai 10 hadi siku ya kumkausha atakuwa ameleta kama laki moja na kumi. Hajilipii hata likizo yake.

Nikarudi nyuma kwenye kadi ya mtaalamu wa uhimilishaji. Kidawa alizaa Julai na akashika mimba mwishoni mwa Februari, mwezi wa saba baada ya kuzaa. Angeshika mwezi wa tatu baada ya kuzaa, angekuwa amezaa Julai hii na leo ana maziwa kama ya Nyota. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila siku 21 hivi, kwa hiyo kati ya Oktoba na Februari tulipitwa na kama joto tano. Alipandwa mara mbili tu. Zilizobaki hakuna aliyeziona, kwa sababu dalili nyingi huja usiku na alfajiri, na sisi tunaingia bandani saa kumi na mbili tukitazama ndoo.

Nimeongeza safu ya nne kwenye kurasa zote: joto. Subira alizaa Januari, na safu yake bado ni tupu. Leo usiku saa nne nitakwenda bandani na tochi.