Nilivyoandika maombi ya mafunzo ya uandishi wa filamu nikiwa Lamu

Nimepata nafasi kwenye mafunzo ya kuandika filamu niliyoyaomba, kwa hivyo sasa naweza kusema wazi kwamba ushauri mwingi niliopewa ulikuwa wa kunipotosha. Mmoja aliniambia nianze na jinsi nilivyoipenda sinema tangu utotoni. Mwingine akasisitiza niingize ugaidi na msitu wa Boni, eti ndiyo yanayouzika nje. Wa tatu, kaka ambaye amewahi kufanya kazi ya filamu Nairobi, alitaka nitume kurasa zenye vurugu kubwa kuliko zote, hata kama zimo katikati ya skripti. Wote walinitakia mema, lakini hakuna aliyefikiria mtu atakayekaa na rundo la maombi, akayasoma moja baada ya jingine.

Vilivyotakiwa ni viwili: maelezo binafsi yasiyozidi maneno 500, yakijibu unataka kusimulia hadithi gani na kwa nini wewe, pamoja na kurasa 10 za skripti. Kiswahili kiliruhusiwa. Kila mtu alinihimiza nianze na maelezo. Nilikataa, na hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu mtu akianza na maelezo huandika ahadi, kisha skripti inakuja na mambo mengine kabisa.

Skripti ninayo siku nyingi. Inamhusu Mzee Omari, mvuvi wa hapa Lamu, na binti yake, katika miaka ile kuvua usiku kulipopigwa marufuku kwa sababu za usalama. Nilizichapisha kurasa za mwanzo pale saiba, shilingi kumi kumi hivi kwa ukurasa, nikakaa nazo barazani na kalamu nyekundu. Kando ya kila onyesho niliandika mambo mawili tu: huyu mtu anataka nini hapa, na nani anamzuia. Nilipomaliza nilisoma zile pembezoni peke yake, nikauacha wino mweusi. Mzee Omari anangoja leseni. Binti anangoja ridhaa ya baba aende Malindi kufanya kazi. Mtoto wa dada yake amesimama nje ya ofisi ya shule akingoja barua ya basari. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini kila onyesho lilikuwa na mtu mwenye uwezo aliyesimamishwa mlangoni.

Hapo ndipo maelezo yalipopatikana. Rasimu niliyokuwa nimeandikiwa na yule kaka ilisema: «Nataka kusimulia hadithi za watu wa Pwani ambao sauti zao hazisikiki.» Sentensi hiyo anaweza kuituma mtu wa Kwale, wa Kilifi, hata wa Mtwara, bila kubadilisha neno. Niliifuta, nikaandika: «Ninaandika kuhusu watu wanaoijua kazi yao kuliko anayewapa ruhusa ya kuifanya.» Anayesoma akishaiona hiyo, akifungua kurasa zangu, anakutana na Mzee Omari na leseni yake, na anajua kwamba sijamdanganya.

Swali la «kwa nini wewe» lilinisumbua zaidi. Mwanzoni nilimwaga historia yote ya bandari mpya: ujenzi wa kule Kililana, kesi ya wavuvi, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliyosema walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yote ni kweli, na yote mtu anaweza kuyasoma gazetini. Nikabakiza sentensi moja ya kesi, kisha nikaeleza kisichojulikana na mtu mwingine: kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwajazia fomu majirani zangu, na kwamba palipoandikwa «kazi», wazee walinitaka niandike «nahodha» hata pale ambapo «mvuvi» pangetosha. Aya hiyo ni fupi, na sikuongeza maneno ya kuonyesha uchungu. Mapenzi ya sinema sikuyataja kabisa. Anayeomba nafasi kama hii anaipenda sinema, hilo halihitaji kusemwa.

Kuhusu sampuli, nilituma kurasa za mwanzo. Msomaji akiangushwa katikati ya vurugu hajui nani ni nani, na nafasi inaliwa na maelezo ya yaliyotangulia. Tatizo langu lilikuwa jingine. Ukurasa wa onyesho la kwanza ulisema Mzee Omari «anakumbuka jinsi babake alivyovua bila kuulizwa na mtu». Kamera haiwezi kupiga picha ya mtu anayekumbuka. Skripti huandika kinachoonekana na kinachosikika, kwa wakati uliopo, basi. Nilimpa kushika leseni mkononi, nikadhani nimemaliza. Nikamsomea ami yangu, ambaye amevua maisha yake yote. Akanikatiza papo hapo.

«Mwanangu, karatasi haishikwi hivyo chomboni. Italowa kabla hujafika Manda. Sisi twaifunga kwenye nailoni, halafu nailoni nyingine, na fundo.»

Onyesho likawa hivi:

NJE. GATINI, LAMU - ALFAJIRI

MZEE OMARI (60) anafungua fundo la mfuko wa nailoni. Ndani mna mfuko mwingine. Ndani yake, leseni.

Anaitazama tarehe. Anairudisha, anafunga mafundo yote mawili.

Mashua ya jirani inang'oa nanga.

Mafundo yale mawili yanaonyesha jinsi karatasi ilivyo na thamani, na mashua ya jirani inaonyesha anachokosa. Hakuna aliyefungua mdomo.

Kisha nikapima muda. Skripti iliyopangwa sawasawa, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, huhesabiwa kama dakika moja kwa ukurasa. Niliwakusanya binamu zangu barazani, kila mmoja akachukua mhusika, mimi nikashika saa ya simu. Kurasa 10 zilikwenda robo saa na ushei. Kilichozinenepesha ni maamkizi! Kila aliyeingia ndani aliamkia, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za safari, akajibu yote. Ndivyo tunavyoishi, na yule kaka alikuwa ameniambia nisiyaondoe ili Lamu ionekane. Lakini kwenye skripti maamkizi yanayojibiwa vizuri hayasogezi kitu. Niliyakata kwa kuanza kila onyesho baada ya salamu, watu wakiwa tayari katikati ya jambo. Nikabakiza mahali pamoja tu: Mzee Omari anapomwamkia karani, na karani, aliye mdogo kuliko binti yake, anaendelea kuandika bila kuitikia. Kwa kuwa hakuna salamu nyingine kabla yake, ukimya ule unauma. Mtu asiyejua desturi zetu atauona kama utovu wa adabu, na wa kwetu ataona zaidi ya hapo.

Kutuma kwenyewe hakukuwa na mengi. Angalieni saa ya mwisho ni ya nchi gani, maana usiku wa manane wa huko unaweza kuwa alfajiri au jioni ya kwetu. Angalieni pia kama wanataka jina lako lisionekane kwenye skripti. Langu lilikuwa limejificha juu ya kila ukurasa, programu ililiweka yenyewe. Nililitoa, nikaihifadhi PDF upya, nikaifungua kwenye simu ya binamu yangu kuhakikisha mistari haijahama, kisha nikaituma siku mbili kabla, kwa kuwa kusi lilikuwa limeanza na mtandao wa mtaani kwetu ulikuwa ukikatika kila mvua inaponyesha.