Mafuta Yaliyokwama Kwenye Bomba la Wima

Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa peke yangu ilikuwa chumba cha baridi ambacho kompresa yake ilikaa juu ya paa, mita 9 juu ya evapereta, yaani koili inayopoza chumba. Kwa kuwa nilihofia upotevu wa presha, bomba la kufyonza, lile linalorudisha gesi na mafuta kwenye kompresa, nililiweka la milimita 35 kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikuweka hata mtego mmoja, yaani kipinda cha umbo la U cha kukusanyia mafuta, kwenye sehemu ya wima.

Chumba kilipoa vizuri, lakini siku ya tatu niliona mafuta yameshuka chini ya robo ya kioo cha kuonyeshea kiwango cha mafuta cha kompresa. Niliongeza lita moja, nayo ikatoweka vilevile. Kilichonitisha zaidi ni kwamba kila baada ya kuyeyusha barafu, mara tu mashine ilipowaka na gesi ikaja kwa wingi, kompresa iligonga kwa nguvu na kioo kikajaa povu, kisha kiwango kikaanza kushuka tena.

Fundi mkuu alipanda nami juu, akapapasa bomba, akaniuliza, "Mwanangu, gesi inapanda humu kwa kasi gani?" Sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Tulipoipiga tulipata karibu mita 4 kwa sekunde, ilhali kwenye bomba la wima huhitajika takriban mita 5 au zaidi ili gesi iusukume juu utando wa mafuta unaoshikamana na ukuta wa bomba. Mafuta yangu yalikuwa yakipanda kidogo na kuteremka, yakijikusanya chini na ndani ya evapereta, hadi gesi nyingi ya baada ya kuyeyusha ilipoyarusha yote kwa mkupuo.

Nilidhani dawa ni mtego tu. "Hapana, Mzee hawezi kukubali hilo," alisema akijitaja mwenyewe, "mtego haunyanyui kitu, kinachonyanyua ni kasi." Alinieleza kuwa mtego hukusanya mafuta mpaka yazibe njia kiasi, na hapo gesi huyavuruga na kuyabeba yakiwa matone; lakini kasi ikikosekana, mtego huwa ghala la mafuta.

Tuliondoa gesi, tukakata sehemu ya wima pekee na kuweka bomba la milimita 28, ambalo eneo lake la ndani ni dogo kiasi kwamba kasi ilifika kama mita 6.5. Chini tuliweka mtego mfupi wa kipimo hichohicho, kwa sababu mtego mpana hushika mafuta mengi mno, kisha mwingine katikati ya kimo, na juu kabisa kipinda kilichogeuzwa ili mafuta yaliyokwisha kupanda yasirudi mashine ikizima. Sehemu za mlalo zilibaki za milimita 35, maana huko mita 4 zinatosha, ila tulizilaza upya zikiteremkia kompresa.

Jioni ile mafuta yalirudi hadi yakapita kioo, na ikanibidi kuitoa ile lita niliyoiongeza.