Kontena la barafu lililosoma nyuzi hasi 125

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama mmoja wa Igombe, Mwanza, anayekusanya sangara ana kontena la barafu, akataka kipimajoto kinachoandika joto kwenye kadi ya SD usiku kucha, maana alishachoka kubishana na vijana kuhusu nani aliacha mlango wazi. Nikachukua Arduino Uno, kadi ya SD, sensa ya joto ya PT100 ambayo ohmu zake hubadilika na joto, na bodi ndogo yenye chipu ya MAX31865 inayogeuza ohmu hizo kuwa namba. Kila kitu kwenye basi moja la SPI, yaani waya za pamoja ambazo vifaa vinapitishia data. Maktaba ya programu ya watu sikuitaka, niliandika yote mwenyewe. Ujuaji.

Jaribio la kwanza nilifanyia nyumbani Kirumba, sensa ikiwa kwenye bakuli la maji na barafu. Hapo PT100 ina ohmu 100. Kwenye bodi hiyo ndogo kuna rezista ya rejea ya ohmu 430, kwa hiyo chipu inatakiwa itoe 100 × 32768 ÷ 430, yaani kama 7620. Mimi nikapata 3810. Ohmu 50. Joto: nyuzi hasi 125 na ushee.

Nikampelekea fundi mmoja Makoroboi. Akauliza kama kadi ya SD inaandika. Nikamwambia inaandika vizuri. "Basi waya na basi viko sawa, sensa yako feki." Nikanunua bodi ndogo nyingine, hela ya mboga ya wiki mbili hivi ikaondoka. Nayo ikasema 3810. Niliporudi akacheka: "Kaka, si nusu kamili? Zidisha kwa mbili, maisha yaendelee."

Nikazidisha kwa mbili. Na aibu yangu ni kwamba ilifanya kazi! Barafu ikasoma sifuri, maji ya moto yakasoma inavyotakiwa, nikajiona bingwa. Nikaenda kufunga Igombe. Kule kontena liko mbali kidogo na sanduku la umeme, nikarefusha waya kati ya Arduino na chipu hadi kama mita mbili. Nikawasha. Ohmu 1.65. Nikapulizia sensa, nikaishika mkononi, nikaizamisha ziwani: ohmu 1.65 ileile. Mama kasimama pembeni na leso yake, haniambii kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule niliacha kukisia. Nilibeba vitu vyote nyumbani, nikarudisha waya fupi, nikaamua kuendesha basi la SPI kwa mkono, ukingo mmoja baada ya mwingine, yaani kila kloki inapopanda au kushuka. Kwenye Uno kloki ya SPI inatoka pini ya 13, na pini hiyo ndiyo yenye taa ndogo ya bodi. Kwa hiyo taa ikiwaka kloki iko juu, ikizimika iko chini. Niliandika programu fupi: kila nikibonyeza Enter kloki inageuka, kisha inanionyesha kilichopo kwenye waya wa MISO, ule unaoleta data kutoka kwenye chipu.

```
clk = !clk;
digitalWrite(13, clk);
Serial.println(digitalRead(12));
```

Chipu haina haraka, hata ukikaa dakika nzima kati ya mapigo inakusubiri. Kwanza niliiandikia rejista ya mipangilio C1, yaani 11000001. Waya wa data nilikuwa naubadilisha kloki ikiwa imetulia chini, halafu siugusi mpaka taa iwake na kuzimika, kwa hiyo chipu ingedaka ukingo wowote ingepata biti ileile. Kisha nikaanza kuisoma rejista hiyo, Enter moja moja, daftari mkononi.

Taa ikiwaka, biti mpya inatokea. Ikizimika, biti haitikisiki. Inawaka, nyingine. Nikarudia mara tatu kama mtoto aliyepata filimbi. Chipu hii inaachia data kwenye ukingo wa kupanda, na ukingo wa kushuka ndio wa kudaka. Programu yangu ilikuwa inadaka kwenye kupanda, sekunde ileile ambayo chipu ndiyo kwanza inabadilisha. Chipu inachelewa kidogo sana, lakini kuchelewa huko kunatosha: unadaka biti iliyopita. Nikajaribu makusudi kusoma kabla tu ya taa kuwaka. Badala ya C1 nikapata 01100000, yaani 60. Biti zote zimesogea kulia hatua moja, ya mwisho imeanguka. Namba ikisogea kulia hatua moja inakuwa nusu yake. Ndiyo ile 3810.

Mode ya SPI inatokana na vitu viwili, CPOL na CPHA. CPOL ni mahali kloki inapolala ikipumzika: 0 chini, 1 juu. CPHA ndiyo inayosema ukingo upi ni wa kazi gani. Ikiwa 0, biti ya kwanza inawekwa kabla ya kloki kugeuka, na ukingo wa kwanza unadaka. Ikiwa 1, ukingo wa kwanza unaachia na wa pili unadaka. Kadi ya SD inaishi kwenye mode 0, yaani zote mbili 0. MAX31865 inataka CPHA 1, kwa hiyo mode 1 au 3. Kadi kuandika vizuri hakukuwa ushahidi wa chochote kuhusu jirani yake.

Na Igombe je? Kule kosa lilihamia upande wa pili. Kwenye mode 0, niliyokuwa natumia, Arduino inabadilisha data kloki inaposhuka, na chipu inadaka hapohapo kwenye kushuka. Kwa waya fupi chipu iliwahi biti sahihi kwa bahati. Kwa waya ndefu kloki ikafika imechoka, data imeshabadilika, chipu ikadaka biti inayofuata. Anwani 80, ya kuandika, ikapoteza ile 1 ya mbele ikawa ya kusoma, hivyo chipu haikuwahi kuamriwa kupima. Anwani 01 ikawa 02, na baada ya 02 ikaendelea na 03, ambayo ikiwashwa tu huwa na FF. 00FF ikisogezwa kulia inakuwa 007F; ukitoa biti ya mwisho, ambayo si ya joto, inabaki 63, ambayo kwa hesabu yangu ya kuzidisha ndiyo ohmu 1.65. Nililiona hilo saa nane usiku nikacheka peke yangu.

Dawa ni mstari mmoja, kila kifaa na mode yake:

```
SPI.beginTransaction(SPISettings(1000000, MSBFIRST, SPI_MODE1));
digitalWrite(CS, LOW);
```

Usigeuze mpangilio huo. Chipu hii inaangalia kloki imelala wapi wakati CS, waya wa kuichagua, inashuka, na ndipo inaamua CPOL. Mimi nilijaribu mode 3 nikiwa nimeshusha CS kwanza. Kloki ikaruka juu baadaye, chipu ikaihesabu kuwa ukingo, namba zikavurugika tena.

Faida nyingine: biti ya mwisho kabisa ya usomaji ni ya hitilafu, nayo ndiyo ilikuwa inaanguka kila mara. Sasa nikichomoa waya wa PT100 inawaka.

Kesho yake nikarudi Igombe, waya zilezile mita mbili, nikawasha kwa madaha na kumwita mama aje aone. Skrini ikaandika 266. Nilisahau kufuta ile mara mbili.

"Mwanangu," mama akasema, "hao sangara umeshawakaanga?"